Marejesho ya safari: anza na siku, jumla iwe ya mwisho

*Swali: Mimi ni mhasibu msaidizi kwenye shirika moja Dodoma. Nakagua marejesho ya safari za wafanyakazi kabla hayajalipwa. Kila fomu naipiga jumla upya kwa kikokotoo na inatoka sawa, lakini mkaguzi wa nje amekuta posho za siku zilizozidi na risiti moja iliyolipwa mara mbili. Nakosea wapi, na nianzie wapi?*

Jumla inatoka sawa kwa sababu unajumlisha namba zilezile alizoziandika mdai. Kama tarakimu imegeuzwa kwenye mstari wa tatu, wewe na yeye mtapata jibu moja, na nyote mtakuwa mmekosea. Ukaguzi wa marejesho huanza kwa kujua safari ilikwendaje, siku kwa siku, kwa kutumia karatasi ambazo hazikuandikwa na mdai. Kikokotoo kinashikwa mwishoni.

Nichukue fomu moja ya mfano twende nayo hadi mwisho. Ofisa amesafiri kwa gari la ofisi kutoka Dodoma kwenda Mbeya kwenye mafunzo, akiwa na dereva. Alichukua masurufu ya shilingi 900,000. Sera ya shirika inasema hoteli inalipwa kwa risiti. Posho ni 60,000 kwa kila siku aliyolala nje ya kituo cha kazi, na inagharamia chakula chote na mahitaji madogo. Siku ya kurudi analipwa nusu, mradi amefika baada ya saa sita mchana. Fomu yake ina mistari sita:

Hoteli, usiku 4 kwa 85,000: 340,000
Dizeli, Iringa: 150,000
Dizeli, Mbeya: 165,000/=
Kudurufu vitini vya mafunzo: 63,500
Chakula cha jioni, tarehe 14: 18,000
Posho, siku 6 kwa 60,000: 360,000
Jumla: 931,500

Kwa mujibu wa fomu hii ametumia zaidi ya alichopewa, kwa hiyo shirika linadaiwa 31,500. Kiasi chenyewe ni kidogo, na hapo ndipo wengi huweka sahihi na kupitisha.

Kabla ya kugusa namba hizo, chukua karatasi tupu na uandike tarehe za safari kwenda chini, mstari mmoja kwa kila siku: Jumatatu 12 Mei 2025, Jumanne 13, mpaka Jumamosi 17. Mbele ya kila tarehe andika alilala wapi na nani anathibitisha. Fomu ya ruhusa ya safari inasema kuondoka tarehe 12 na kurudi tarehe 17, na hapo ndipo siku sita zilipotoka. Fomu hiyo ilijazwa kabla ya safari, kwa hiyo inakuambia mpango tu. Risiti ya hoteli inaonyesha kuingia tarehe 12 na kutoka tarehe 16. Karatasi ya mahudhurio ya mafunzo ina sahihi yake tarehe 13, 14 na 15. Risiti ya dizeli ya Mbeya ni ya tarehe 16, saa 06:12. Logibuku ya gari inasema gari liliingia Dodoma tarehe 16. Karatasi nne zinakubaliana, na moja tu, ile iliyoandikwa mapema kuliko zote, inakwenda peke yake. Jumamosi tarehe 17 alikuwa nyumbani.

Hata ndani ya fomu yenyewe kuna ugomvi ambao ungeuona bila karatasi nyingine yoyote: usiku 4 wa hoteli na siku 6 za posho. Kwa sera ya aina hii, siku za posho haziwezi kupita usiku wa hoteli kwa zaidi ya ile nusu ya siku ya kurudi. Ukikariri jambo moja kutoka kwenye jibu hili, likariri hilo. Mistari miwili inayotegemea safari moja lazima isimulie safari moja.

Sasa kuhesabu. Tarehe 12 hadi 16, ukihesabu kwa vidole, ni siku tano. Ukitoa 12 kwenye 16 unapata 4, ambazo ni usiku. Majibu yote mawili ni sahihi, tofauti ni kitu kinachohesabiwa. Excel nayo ikitoa tarehe moja kwenye nyingine inakupa usiku, na watu huongeza 1 au kuiacha bila kurudi kwenye sera. Kuna taasisi zinazolipa usiku, zinazolipa siku za kalenda, na zinazokata sehemu ya siku ya kwanza na ya mwisho. Serikali kuu ya Marekani, kwa mfano, hulipa asilimia 75 ya posho ya chakula kwa siku ya kuondoka na ya kurudi. Safari hii ya Mbeya ingekuwa posho 4 mahali pamoja, 5 mahali pengine, na 4.5 mahali pengine, bila mtu yeyote kudanganya. Kwa hiyo nukuu sentensi ya sera juu ya karatasi yako ya hesabu kila mara. Wafanyakazi wengi huja na mazoea ya mwajiri wa zamani, na makosa yao ya siku moja yanatoka huko.

Kwa sera hii, ofisa ana siku nne kamili, yaani 240,000, na anaweza kuwa na nusu ya tarehe 16, ambayo ni 30,000. Je, hiyo nusu anastahili? Kwenye fomu ameandika amefika Dodoma "saa 11:00". Hapa uwe makini sana, kwa sababu kosa linaweza kuwa lako. Mtu anayeandika kwa Kiswahili anamaanisha saa kumi na moja. Mkaguzi aliyezoea saa za risiti na kompyuta anasoma saa tano asubuhi, anaona kafika kabla ya saa sita mchana, na anamnyima nusu siku yake. Risiti ya Mbeya inaamua suala hili. Ilitoka saa 06:12, yaani saa kumi na mbili na dakika kumi na mbili asubuhi, na kutoka Mbeya kupitia Iringa hadi Dodoma ni takriban kilomita 600. Ili afike saa tano asubuhi, gari lingelazimika kwenda karibu kilomita 125 kwa saa bila kusimama, kwenye barabara yenye vijiji vya mwendo wa 50. Alifika saa kumi na moja jioni. Nusu siku ni yake, na posho sahihi ni 270,000. Iliyozidi ni 90,000.

Kwenye fomu zenu mpya wekeni nafasi ya kuzungushia asubuhi, mchana, jioni au usiku pembeni ya saa. Ni marekebisho ya dakika tano, na yanafuta mabishano mengi.

Ukishamaliza siku, zilinganishe na madai mengine ya mtu huyohuyo. Aliyerudi Ijumaa mchana na kuondoka tena Ijumaa jioni anaweza kulipwa Ijumaa hiyo mara mbili: nusu kwenye safari ya kwanza, kamili kwenye ya pili. Angalia pia likizo na, muhimu zaidi, angalia kama waandaaji wa mafunzo walilipa posho au walitoa chakula. Karatasi ya kusainia posho ya waandaaji haiji kwako yenyewe. Iulize barua ya mwaliko, kwa kuwa kwa kawaida inataja nani anagharamia nini.

Risiti sasa. Zitoe zote kwenye fomu, uzipange kwa tarehe na saa, na ujumlishe kutoka kwenye risiti bila kutazama fomu. Hapo ndipo utaona risiti ya kudurufu inasoma 36,500 wakati fomu inasema 63,500. Tofauti ni 27,000. Tofauti inayotokana na tarakimu mbili jirani zilizopishana hugawanyika kwa 9 bila baki, na 27,000 ukigawa kwa 9 unapata 3,000. Ukiwa na jumla mbili zinazotofautiana na hujui kosa liko wapi, jaribu kwanza kugawa kwa 9. Ikigawanyika, tafuta tarakimu zilizogeuzwa. Isipogawanyika, tafuta mstari ulioachwa. Ni dokezo tu la mahali pa kuanzia, kwani namba nyingi hugawanyika kwa 9 kwa bahati.

Risiti ya dizeli ya Iringa ndiyo yenye funzo kubwa kuliko zote. Ni nakala iliyodurufiwa. Maandishi ya risiti za EFD hufifia, kwa hiyo ofisi nyingi, kwa haki kabisa, zinaagiza kila risiti idurufiwe siku ileile. Lakini kuanzia hapo manunuzi mamoja yana karatasi mbili. Ongeza ujumbe wa malipo ya simu au karatasi ya kadi, na sasa ni tatu, kila moja ikiwa na sura yake. Mkaguzi anayetafuta karatasi mbili zinazofanana hataona kitu, kwa kuwa hazifanani.

Hii ya Iringa hutaikuta mara mbili kwenye fomu ya ofisa, hata uitafute mpaka jioni. Karatasi halisi iko kwenye marejesho ya dereva. Dereva alilipa kwa fedha yake ya masurufu, akampa ofisa nakala kwa ajili ya taarifa ya safari, na ofisa akaibandika kwenye fomu yake pamoja na nyingine. Inawezekana kabisa hakuna aliyekusudia ubaya. Madai haya mawili huwasilishwa wiki tofauti, pengine kwa wahasibu tofauti, na kila moja likikaguliwa peke yake ni safi. Ndiyo maana nasema kagua kwa safari, usikague kwa mtu. Wote waliopanda gari moja, fomu zao ziwe mezani siku moja. Kama mmoja hajaleta, za wenzake zingoje, au angalau uandike kwenye faili kwamba bado moja.

Kwa risiti zilizotawanyika miezi mingi, weka daftari moja la risiti kwenye Excel kwa shirika zima, ukiwa na safu ya TIN ya muuzaji, tarehe, kiasi, namba ya risiti, saa, na namba ya dai. Kisha kwenye safu ya pembeni:

```
=COUNTIFS($B$2:$B$500,B2,$C$2:$C$500,C2,$D$2:$D$500,D2)
```

Hapa B ni TIN, C ni tarehe, D ni kiasi. Jibu likiwa 2 au zaidi, fungua karatasi zenyewe na ulinganishe saa na namba ya risiti. Usitafute kwa namba ya risiti pekee, maana wauzaji wawili wanaweza kuwa na namba moja. Na usimshtaki mtu kwa sababu fomula imesema 2: gari linaweza kujazwa mafuta ya 50,000 mara mbili kwa siku kwenye kituo kilekile. Saa zikitofautiana na namba za risiti zikitofautiana, hayo ni manunuzi mawili. TIN iandikwe kwa mtindo mmoja daima, ama na vistari ama bila, vinginevyo fomula itaona wauzaji wawili mahali alipo mmoja.

Tarehe nazo hupotosha. Kompyuta iliyowekwa kwa mpangilio wa Marekani itasoma 05/03/2025 kuwa tarehe 3 Mei, wakati risiti ni ya tarehe 5 Machi. Kwenye daftari, zionyeshe tarehe kwa jina la mwezi ili kosa hili lionekane kwa macho.

Msimbo wa uhakiki ulio chini ya risiti ya EFD unaweza kuuingiza kwenye verify.tra.go.tz pamoja na saa ya risiti, ukaona kama kiasi na muuzaji ni vilevile. Fanya hivyo kwa risiti kubwa na kwa zile ambazo nakala yake imekatwa juu au imefifia. Lakini tovuti hiyo inakuambia risiti ilitolewa kweli. Haiwezi kukuambia kwamba mwenzako hajailipa mwezi uliopita. Nimeona watu wakipiga tiki ya "imehakikiwa TRA" na kuacha kulinganisha, wakidhani kazi imekwisha.

Chakula cha jioni cha 18,000 kina risiti halali, ya siku sahihi, na haijatumika popote pengine. Bado ni malipo ya mara mbili, kwa sababu sera imeshasema posho inagharamia chakula chote. Kosa la aina hii fomula haikamati, ni mpaka usome risiti imenunua nini. Fungua pia ankara ya hoteli yenyewe. Mara nyingi chakula na kufua nguo hujumuishwa ndani ya bei ya chumba, na ukitazama jumla tu huwezi kujua. Katika mfano wetu ankara ni ya chumba peke yake, 85,000 mara 4.

Sasa ndiyo tufike kwenye jumla. Jumlisha ile mistari sita kama ilivyoandikwa: utapata 1,096,500. Fomu inasema 931,500. Zimepotea 165,000, na hiyo ndiyo dizeli ya Mbeya hasa. Ofisa aliandika kiasi chake "165,000/=" ndani ya seli. Excel ikiona ile alama ya mwisho inaichukua seli nzima kuwa maandishi, na SUM inairuka kimyakimya. Kwenye karatasi iliyochapwa huwezi kugundua. Kwenye faili, andika:

```
=COUNT(E5:E10)
```

Mistari ni sita. Jibu likiwa 5, kuna seli moja ambayo si namba. Angalia pia kwamba masafa ya SUM yanafika mstari wa mwisho, kwa sababu mtu akiongeza mstari chini ya masafa, fomula inaweza kubaki pale ilipokuwa.

Sasa hesabu iliyosahihishwa. Hoteli 340,000, dizeli ya Mbeya 165,000, kudurufu 36,500, posho 270,000. Dizeli ya Iringa inabaki kwenye dai la dereva aliyeilipia, na chakula kinaondolewa. Jumla ni 811,500. Masurufu yalikuwa 900,000, kwa hiyo badala ya shirika kumlipa 31,500, yeye anarejesha 88,500.

Tazama tofauti kati ya jumla ya fomu na jumla sahihi: 931,500 kutoa 811,500 ni 120,000. Hizo ni posho za siku mbili kamili. Mkaguzi aliyejua tu kwamba siku zimezidi, akaona 120,000, angesema siku sita zilipaswa kuwa nne, hesabu imefunga, na angefunga faili. Angekuwa amemnyima ofisa nusu siku yake na dizeli aliyoilipia kweli, na angekuwa ameacha ndani risiti ya Iringa, chakula, na tarakimu zilizogeuzwa. Kwa kweli kuna 165,000 iliyopaswa kuongezwa na 285,000 iliyopaswa kupunguzwa, na zimefichana. Kwa hiyo usieleze tofauti ya jumla kwa sababu moja inayolingana nayo. Orodhesha kila sahihisho, la kuongeza na la kupunguza, kisha uone kama yote kwa pamoja yanakufikisha kwenye tofauti hiyo.

Masahihisho ya kumfaidi mdai yaandike kwa uzito uleule. Ofisi ambayo mhasibu wake hurekebisha upande mmoja tu, wafanyakazi huanza kujilinda kwa kuzidisha, na hapo kazi yako inakuwa ngumu maradufu.

Unapomrudishia mdai, mpe hoja inayotaja karatasi na uache nafasi ya jibu. Kwa mfano: "Posho imedaiwa siku 6. Risiti ya hoteli inaonyesha kutoka tarehe 16 Mei, na logibuku inaonyesha gari kuingia Dodoma tarehe hiyohiyo. Tafadhali eleza tarehe 17, au sahihisha kuwa siku 4 na nusu." Huenda ana maelezo. Kwenye dizeli ya Iringa muulize nani alilipa, kisha muulize dereva peke yake swali hilohilo, kabla ya kuamua ibaki kwenye dai la nani. Masahihisho yafanywe na mdai mwenyewe kwa sahihi na tarehe. Wewe usifute wala kuandika juu ya namba zake. Dai likishalipwa, gonga muhuri wa IMELIPWA na uandike namba ya dai juu ya karatasi halisi na juu ya nakala pia, muhuri ukipita katikati ya maandishi ya risiti. Nakala isiyo na muhuri ni dai jingine linalosubiri kuletwa.

Kuna jambo ambalo njia hii haitalifikia: risiti halali ya hoteli kwa chumba ambacho mtu hakulala, au bei iliyopandishwa kwa makubaliano na muuzaji. Karatasi zote zitakubaliana. Ukishuku hilo, piga simu hotelini kuuliza bei ya chumba kwa tarehe hizo, na ukipata tofauti, mpelekee mkaguzi wa ndani au mkuu wako kabla ya kumwambia mdai lolote.